Ukali wa Babu na maneno ya Mama mkubwa

Nililelewa na wakali wawili katika nyumba moja. Babu alikuwa mkali wa sauti. Akianza kugomba, majirani walipunguza redio ili wasikilize vizuri. Mama mkubwa, binti yake, hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, mara nyingi huku mikono ikiendelea na kazi, na mgeni aliyekaa sebuleni asingejua kwamba kuna mtoto anasemwa. Kwa hiyo sifa ya ukatili ilikuwa ya Babu. Watoto wenzangu wakimwona kwa mbali walitawanyika. Mimi niliyelala na kuamka humo ndani niliona mambo kinyume kabisa, ila sikujua ningemweleza nani, wala ningeanzia wapi.

Sasa nafundisha shule ya msingi na nimepewa kazi ya ushauri na unasihi, maana yake nakaa sana na watoto waliotoka kusemwa, na wazazi waliowasema. Wazazi huniuliza ukali unaishia wapi na matusi yanaanzia wapi. Wengine hutaka niwatajie maneno ya kuepuka, wengine hudhani nitawaambia wapunguze sauti. Nikikumbuka wale wakali wangu wawili, naona majibu yote mawili hayatoshi.

Nianze na Babu siku aliyonigombeza kuliko siku zote. Nilikuwa nimeachiwa mdogo wangu, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Nikamwacha chini, nikatoka kwenda kuruka kamba. Babu alimkuta ameshikilia ukingo wa ndoo kubwa ya maji, ameinamia ndani, miguu inakaribia kuacha sakafu. Mtoto wa umri ule kichwa ni kizito sana kikilinganishwa na mwili wake. Akitumbukia hawezi kujinyanyua, na hapigi hata kelele. Babu alimnyakua, akatoka naye hadi nje, akaunguruma mbele ya kila mtu.

"Nilikwambia ukae na mtoto! Umemwacha peke yake na maji, wewe uko huku unaruka! Angezama kwenye ndoo ileile unayochotea! Wiki nzima hii hutoki kucheza. Na kuanzia leo, ukimaliza kuchota, ndoo unaifunika wewe, kwa mkono wako. Umenisikia?"

Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Lakini yaangalie maneno yenyewe. Kuna nilichoambiwa nifanye, kuna nilichofanya, kuna hatari iliyokaribia kutokea, kuna adhabu yenye mwisho unaojulikana, na kuna kazi ya kufanya kesho ili jambo lisijirudie. Hakuna hata neno moja lililosema mimi ni mtoto wa aina gani. Jioni ile ile aliniita nimshikie tochi akaze mguu wa kiti uliolegea, akaniuliza habari za shule kama kawaida. Wiki ilipokwisha nikatoka kucheza. Miezi baadaye nilivunja sahani, nikagombezwa kwa sahani. Ndoo haikutajwa.

Sasa Mama mkubwa. Nilikojoa kitandani mpaka nikiwa darasa la tano. Mwanzoni alinigombeza kama mlezi yeyote aliyechoka kufua: umelowesha tena, amka utoe shuka, siku nyingine uende msalani kabla ya kulala. Sina malalamiko na hayo. Ila kadiri siku zilivyokwenda, sentensi ilizidi kufupika, mpaka likabaki neno moja, kikojozi, na neno hilo likachukua nafasi ya jina langu. "Kikojozi ameamka?" "Mwambieni kikojozi alete ufagio." Alilisema bila hasira, na nadhani ndiyo sababu hakuna mtu mzima aliyelishtukia.

Kisha likaanza kutembea. Likatoka chumbani likafika uani, ambako godoro langu lilianikwa upande wa njia ingawa upande wa nyuma ndiko jua lilikokuwa kali zaidi. Watoto wakaliokota. Halafu likaingia kwenye mambo yasiyohusiana na kitanda hata kidogo. Nikifeli zoezi la hesabu: "Utaweza wapi hesabu, mkojo wako mwenyewe umekushinda." Nikichelewa kurudi dukani: "Unategemea nini kwa kikojozi." Mwisho likafika kwenye maisha ambayo sijayaishi: "Wewe nani atakuoa? Utamlowesha mume wa watu." Nilikuwa na miaka tisa.

Huo mwendo ndio ninaoutafuta siku hizi ninaposikiliza kisa cha mtoto. Kosa linageuka jina, jina linasemwa mbele za watu, linabandikwa kwenye makosa mengine, kisha linageuka utabiri. Kila hatua inamsogeza mtoto mbali na kitu anachoweza kurekebisha. Ndoo niliweza kuifunika. Ndoa yangu ya baadaye ningeifanyaje nikiwa na miaka tisa?

Ubaya zaidi ni kwamba kosa lenyewe halikuwa kosa. Madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kama tatizo mpaka mtoto apite miaka 5, na hata baada ya hapo wengi huacha wenyewe bila tiba. Usiku mwili unatakiwa utoe homoni inayopunguza mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kufikia kiwango. Wengine kibofu hubeba kidogo, na wengi hawaamki hata kibofu kikijaa. Choo kigumu nacho huchangia, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu. Na jambo hili hurithiwa sana: mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto wake kukojoa ni takriban asilimia 44, na wakiwa wote wawili hupanda hadi takriban 77. Mtoto aliyelala fofofo hana uamuzi anaoufanya. Kumkaripia ni kumwadhibu mtu kwa jambo lililotokea wakati hayupo.

Nami nilijaribu kurekebisha, kwa akili ya kitoto. Niliacha kunywa maji tangu mchana, nikawa naumwa kichwa darasani. Nilijilazimisha kukesha, na nilipozidiwa nikalala usingizi mzito zaidi, kitanda kikalowa zaidi. Nilianza kuficha nguo mbichi nyuma ya kabati. Zilipovunda, harufu ikajaa chumba, nikaulizwa, nikasema sijui. Hapo nikaongezewa jina la pili, mwongo, na safari hii lilikuwa na ukweli ndani yake: uongo huo sikuwa nao kabla. Nilikataa kwenda kulala kwa ndugu wakati wa likizo bila kusema sababu, nikaitwa mwenye kiburi. Yaani kutokana na hali moja ya mwili, ndani ya miaka michache nilikuwa na tabia tatu mbaya, zote zimezaliwa na kujificha.

Nilipoanza kazi ya unasihi nilisoma utafiti wa mwaka 1999 wa Melissa Kamins na Carol Dweck, uliofanywa kwa watoto wa umri wa chekechea, na niliona kisa changu humo. Watoto waliigiza visa kwa wanasesere: mtoto anakosea kazi, mwalimu anamwambia neno. Kwa baadhi, mwalimu alimlenga mtoto mwenyewe, kwamba amevunjwa moyo naye. Kwa wengine, alilenga kazi na kumwambia afikirie njia nyingine ya kuifanya. Baadaye wote walipewa kisa kingine chenye kosa. Waliosemwa wao wenyewe walijiona hawafai, walikuwa na huzuni zaidi, na hawakuwa na hamu ya kuendelea wala kutafuta namna ya kurekebisha. Waliosemwa kuhusu kazi walitafuta suluhisho. Kumbuka, katika majaribio yale hakuna aliyetukanwa. Hakukuwa na mjinga, wala mbwa, wala laana. Kumsema mtoto badala ya kazi kulitosha, hata kwa ustaarabu.

Ndiyo maana orodha ya maneno mabaya hainisaidii. Mtu anaweza kuepuka kila tusi lililomo katika lugha na bado akamvunja mtoto. "Sikushangai." "Najua tu utaharibu." "Mwenzio wa umri wako anafanya, wewe sijui umeumbwaje." Hayo ni maneno safi, unaweza kuyasema mbele ya kiongozi wa dini. Wakati huo huo, mzee anaweza kufoka "Acha ujinga, shuka huko juu!" kwa mtoto aliyepanda ukuta, na mtoto akashuka bila jeraha lolote moyoni, kwa sababu kilichoitwa ujinga ni kupanda ukuta.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 19, unataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili wa mwili na wa akili pia. Mwaka 2011 kamati inayousimamia, katika Maoni ya Jumla Namba 13, ilifafanua huo wa akili: kumtisha mtoto, kumkataa, kumtenga au kumpuuza, kumtukana, kumpa majina, kumdhalilisha, kumdharau, kumkejeli. Nikiwaonyesha wazazi aya hiyo huwa wanakubali kutukana na kutisha, lakini kwenye majina na kejeli wanacheka kidogo. "Lakini mwalimu, huo si utani tu?" Utani unahitaji watu wawili wanaouelewa. Mtoto mdogo hajajua bado kwamba mtu anaweza kusema neno akimaanisha kinyume chake. Ukimwambia "Hongera, umeharibu vizuri," anaweza kukuamini sehemu moja na kuchanganyikiwa sehemu nyingine. Akikua akaelewa, ndipo anagundua kwamba siku zote zile alikuwa anachekwa.

Kuna utetezi mwingine ninaousikia zaidi ya huo: nasema hivi lakini nampenda, na yeye anajua. Mama mkubwa alinipenda, sina shaka. Nilipougua alikesha kitandani mwangu, kile kile kilicholoa. Sare yangu ya kwanza ya shule aliishona mwenyewe. Kwa miaka mingi niliyatumia mambo hayo kujiambia kwamba basi yale maneno hayakuwa kitu. Mwaka 2013 watafiti Ming-Te Wang na Sarah Kenny walitoa matokeo ya uchunguzi wa familia 976 huko Pennsylvania, Marekani. Watoto wa miaka 13 waliokuwa wakifokewa, kutukanwa na kuitwa majina na wazazi wao walionyesha mwaka uliofuata utovu zaidi wa nidhamu na dalili zaidi za sonona, na upendo wa mzazi haukupunguza madhara hayo. Nililisoma hilo mara nyingi kuliko lilivyostahili. Upendo ulikuwa wa kweli, na madhara ya maneno yalikuwa ya kweli, na kimoja hakikukifuta kingine.

Kwa haki, utafiti huo unamgusa Babu pia, kwa sababu ulihesabu kufoka pamoja na matusi. Sitaki kumsafisha kupita kiasi. Angeniunguruma kila siku, kwa kila sahani na kila kiatu, nadhani ningemwogopa mpaka nikashindwa kusikia anachosema. Mtoto anayeishi ndani ya kelele hubakiwa na kelele tu, maneno yanampita. Kilichomwokoa Babu ni kwamba alifoka mara chache, kwa jambo la hatari, na likaisha.

Na ulimi wake uliwahi kuteleza. Binamu yangu aliuza betri ya redio ya Babu kwa siri. Babu alipogundua alimwita mbwa, mbele yetu sote. Binamu hakulia, alikunja uso tu akaondoka. Usiku, tukiwa tumekaa, Babu alimwita. "Lile neno la mchana nimelirudisha. Wewe si mbwa, wewe ni mjukuu wangu. Betri umeiba, na utailipa." Akanyamaza. Binamu alifanya kazi Jumamosi kadhaa mpaka betri ikarudi. Tangu hapo sijawahi kukubaliana na wanaosema mkubwa akimwomba mdogo radhi anapoteza heshima, au kwamba ukiondoa tusi umeondoa na adhabu. Babu alivitenganisha viwili hivyo kwa sentensi chache, naye hakuwa amesoma popote.

Shuleni nina swali moja linalonisaidia kuliko mengine. Mtoto akija analia, simuulizi ameambiwa nini. Namuuliza, "Ulifanya nini?" Aliyegombezwa hujibu kwa kinyongo lakini hujibu: nilipoteza daftari, nilimsukuma mwenzangu, sikufagia. Mara nyingi hata anajua anatakiwa afanye nini sasa. Mvulana mmoja wa darasa la tatu nilimuuliza hivyo, akanitazama kama hajaelewa. Nikarudia. Akasema, "Mimi ni zuzu." Nikamwambia sikuuliza wewe ni nani, nauliza leo umefanya nini. Alifikiri sana. Hakujua. Alikuwa amesemwa asubuhi yote nyumbani, na kosa lenyewe lilikuwa limeshamezwa. Mama yake alipokuja aliniambia kosa: alimwaga dawa ya mdogo wake akijaribu kumnywesha mwenyewe. Yaani alikuwa anasaidia. Kulikuwa na jambo kubwa la kumfundisha pale, kwamba dawa inashikwa na mtu mzima peke yake, na hilo ndilo pekee ambalo hakulisikia.

Mzazi anaweza kulijaribu swali hilo mwenyewe, saa moja au mbili baada ya kugombeza, hasira ikishatulia. Mwambie mtoto akueleze kosa lake. Akikurudishia kitendo, ujumbe umefika. Akikurudishia jina, jina ndilo lililofika. Na akikutazama tu kwa hofu akisubiri umwambie jibu unalolitaka, usimlazimishe. Hapo kuna jambo la siku nyingi kuliko la leo. Dalili nyingine ninazozifuata ni zile zangu: mtoto anayeanza kuficha ushahidi wa makosa madogo, anayejitukana mwenyewe kwa maneno ya mtu mzima, au anayewaita wadogo zake majina yaleyale. Hilo la mwisho husafiri haraka sana.

Mama mkubwa bado yupo, na huja kwangu kukaa wiki mbili tatu. Mwanangu wa kiume amerithi kitanda changu, kama zile asilimia zilivyonitahadharisha. Mama aliwahi kunidokeza kwamba Mama mkubwa naye alikojoa mpaka akawa msichana mkubwa, na Bibi hakumwacha apumue. Nilisikitika kusikia, ila sikuona kwamba inabadilisha deni. Asubuhi ya kwanza aliona shuka, akafungua kinywa, na neno nikalisikia linakuja.

Sikumkatiza mbele ya mtoto. Ningemfanyia yale yale ninayoyakataa. Nilimsubiri mpaka alipokaa na chai yake, nikakaa chini karibu na kiti chake. "Mama mkubwa, nina ombi. Huyu mtoto tumwite jina lake tu." Akaniuliza, "Kwani nimemtukana?" Alikuwa anauliza kweli, hakuwa anajitetea. Nikamweleza utaratibu wetu: mtoto anavua shuka mwenyewe, anaitia kwenye beseni, ananisaidia kuianika upande wa nyuma, anaoga, anakwenda shule. Maji anakunywa mchana kutwa kama kawaida, anapunguza jioni tu. Daktari ameshamwona. Hakuna wa kusema kitu.

Alinywa chai yake, akasema watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai. Nikamwacha aseme, hilo ni haki yake. Lakini asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni, akamtazama mjukuu wake akiburuta shuka kuelekea kwenye beseni, akanigeukia mimi na mikono juu: "Mimi sijasema kitu."

Kweli, hakusema. Siku ya tatu alimsogezea beseni.